Matundu hayakujipanga kwa bahati mbaya: jibu kwa msimamizi wa zamu ya usiku

*"Salamu mwalimu. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki hapa Changamwe. Miezi miwili baada ya Ramadhani kijana wetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine ya kusaga mabaki. Alikuwa anaondoa donge lililokwama, mwenzake akabonyeza kuwasha. Ripoti ya kiwanda imeandika 'mfanyakazi hakufuata utaratibu' na wakubwa wanataka mwenzake afutwe kazi. Baadaye tukaletewa mafunzo, tukaonyeshwa picha ya vipande vya jibini vyenye matundu, mshale ukipita katikati. Mimi nimeielewa hivi: siku matundu yakikutana, basi, ni bahati mbaya tu. Sasa wakubwa wanataka kuongeza tabaka jingine, sahihi ya tatu kwenye fomu. Je, itasaidia? Na hii nadharia si njia ya kumtetea mzembe?"*

Ndugu yangu, kwanza mpe pole kijana na watu wake. Nimeisoma barua yako pamoja na maelezo uliyonitumia baadaye nilipokuuliza kuhusu stoo, kufuli na mahali vilipo vitufe vya mashine. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo ile picha ya jibini peke yake haikuonyeshi.

Picha hiyo inatokana na kazi za James Reason, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyeanza kuieleza fikra hii mwaka 1990 na kuiboresha miaka iliyofuata. Alisema kwamba mahali pa kazi penye hatari huwa na matabaka kadhaa ya ulinzi: vifaa, taratibu, mafunzo, macho ya watu. Hakuna tabaka lililo kamili, kila moja lina matundu yake. Ajali hutokea pale matundu ya matabaka yote yanapokaa mstari mmoja, hatari ikapata njia ya kupita kutoka mwanzo hadi mwisho. Akagawa matundu hayo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni makosa ya papo hapo, yanayofanywa na mtu aliye karibu na mashine: kubonyeza kitufe, kusahau kufuli. Athari zake huonekana mara moja. Fungu la pili ni kasoro zilizolala. Hizi hutokana na maamuzi yaliyofanywa mbali na mashine, ofisini au kwenye bajeti, na zinaweza kukaa miezi au miaka bila kumdhuru mtu.

Vipande vya jibini kwenye karatasi vimesimama tu, ndiyo maana ukafikiri ni bahati. Kiwandani havisimami. Matundu yanafunguka, yanafungwa na kuhama kutoka saa hadi saa. Tundu ambalo halipo saa nne asubuhi linaweza kuwapo saa nane usiku. Basi swali la kujiuliza ni nini kilichoyafungua matundu haya yote kwa wakati mmoja, na jibu lake katika kiwanda chenu limo ndani ya barua yako.

Tuipitie ajali yenyewe, tabaka moja baada ya jingine.

Tabaka la kwanza lilikuwa kuizuia mashine isikwame. Mashine ya kusaga ina rota yenye visu vinavyozunguka, na chini yake kuna chekecheo. Ukitia vipande vya kiasi chake inasaga vizuri. Ukitia donge zima la plastiki iliyomwagika na kugandana, visu vinakwama, mota inavuta umeme mwingi, breka inakata. Kwenu madonge hukatwa kwanza kwa msumeno wa mezani. Umeniambia kwamba msumeno ule ulikuwa mzima usiku ule, ila uta wake, yaani bapa lenye meno, ulikuwa umekatika na uta mpya ulikuwa stoo. Stoo hufungwa saa kumi na moja jioni. Vijana wakatia madonge mazima, na mashine ikakwama mara mbili kabla ya ile ya ajali.

Tabaka la pili ni swichi ya mlango wa hopa, yaani mdomo wa kutilia plastiki. Kazi yake ni moja: mlango ukiwa wazi, mashine isiwake hata mtu akibonyeza kitufe. Swichi yenu ilikuwa imepigwa dairekti, yaani waya mbili zimeungwa ili mashine idhani mlango umefungwa wakati wote. Fundi umeme alifanya hivyo wiki ya pili ya Ramadhani, katikati ya oda kubwa ya majagi na masinia, kwa sababu mtikisiko wa mashine ulikuwa umelegeza ulimi wa swichi na mashine ikawa inazima yenyewe kila baada ya dakika chache. Swichi mpya ilinunuliwa. Ilifika. Ikawekwa stoo. Fundi wa mchana alikuwa na kazi nyingine kila siku, na wa usiku, ambaye angekuwa na nafasi, hakuwa na ufunguo.

Tabaka la tatu ni kufuli. Kabla ya kutia mkono ndani ya mashine, mtu anazima swichi kuu ya umeme ya mashine hiyo, anaifunga kwa kufuli yake mwenyewe, na ufunguo anautia mfukoni. Baada ya hapo, hata watu kumi wakibonyeza kuwasha, umeme haufiki. Kiwanda chenu kina kufuli hizo, tena nzuri, zenye rangi nyekundu na kibao cha jina. Zinatunzwa stoo pamoja na vipuri vingine ili zisiibwe.

Tabaka la nne lilikuwa macho ya mwenzake. Kitufe cha kuwasha kiko upande wa pili wa mashine, na kati ya kitufe na hopa kulikuwa na magunia ya mabaki yaliyorundikwa kufika kifuani. Kijana aliyebonyeza alirudi kutoka msalani, akaikuta mashine imezima, akarudisha breka na kubonyeza kuwasha, kama alivyofanya mara mbili usiku uleule mashine ilipokata umeme. Hakumwona aliyeinama upande wa pili. Kitufe chekundu cha dharura kilifanya kazi, na kilibonyezwa upesi, lakini kitufe hicho hukata umeme tu. Rota ni nzito, na umeme ukikatika inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyo nayo tayari. Kwenye mashine kubwa inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kusimama, na vidole havihitaji hata nusu ya mzunguko mmoja.

Sasa rudia kuyasoma matabaka matatu ya mwanzo. Uta wa msumeno ulikuwa stoo. Swichi mpya ilikuwa stoo. Kufuli zilikuwa stoo. Na stoo ilifungwa saa kumi na moja jioni kwa sababu mwaka jana vipuri vilikuwa vikipotea usiku. Huo ulikuwa uamuzi wa maana, na aliyeutoa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anazuia wizi. Lakini kwa kugeuza ufunguo mmoja alitoboa matabaka matatu kwa mpigo, na akayatoboa kila siku kwa saa zilezile. Kwa hiyo matundu hayakukutana kwa nasibu usiku ule. Yalikuwa yakikutana kila usiku, na kilichobaki kati ya mkono wa mtu na visu kilikuwa ni mtu mwingine kutobonyeza kitufe.

Nataka uione tofauti hii kwa hesabu, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika. Tuchukue namba za mfano tu, nyepesi kuzidisha. Tuseme swichi ya mlango hushindwa mara 1 katika kila mara 100 inapohitajika, utaratibu wa kufuli nao mara 1 kati ya 100, na mwenzako hubonyeza bila kuangalia mara 1 kati ya 100. Kama matabaka hayo matatu hayana uhusiano wowote, yote kushindwa pamoja ni mara 1 kati ya 1,000,000. Mashine ikikwama mara mbili kila usiku, mtu angemaliza maisha yake ya kazi bila kuiona ajali hiyo. Hiyo ndiyo hesabu iliyomo vichwani mwa wakubwa wanapofikiri kwamba tabaka likiongezwa, usalama unazidishwa.

Lakini matabaka yakiwa yanategemea kitu kimoja, huwezi kuzidisha. Usiku, stoo ikiwa imefungwa, swichi imeshindwa tayari na kufuli imeshindwa tayari. Hakuna tena kubahatisha kwa hayo mawili. Kinachobaki ni ile mara 1 kati ya 100 ya mwenzako. Kwa kukwama mara mbili kwa usiku, unaitarajia ajali kwa wastani mara moja katika usiku 50, chini ya miezi miwili. Namba za kweli za kiwanda chenu sizijui na sihitaji kuzijua ili kukuonyesha kilichotokea: hatari iliruka kutoka kitu kisichofikirika hadi kitu kinachosubiriwa, na mchana hakuna aliyeweza kuliona hilo. Umeniambia mkaguzi alikuja saa nne asubuhi akaandika kwamba kufuli zipo na zinatosha. Aliandika ukweli. Saa nne asubuhi zilikuwapo.

Hili si la viwanda vidogo tu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 huko Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka kwenye tangi la kiwanda cha viuatilifu na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Kiwanda kile kilijengwa na matabaka kadhaa. Palikuwa na mtambo wa kulipoza tangi, mnara wa kuosha gesi, mnara wa kuichoma, na maji ya kurushwa juu ili kuizima. Usiku ule mtambo wa baridi ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka. Mnara wa kuchoma gesi haukuwa na kazi kwa sababu kipande cha bomba kilikuwa kimetolewa kikisubiri kubadilishwa. Mnara wa kuosha haukuweza kuhimili wingi ule wa gesi, na maji hayakufika juu ilikotokea. Ukiyatazama hayo moja moja utasema ni bahati mbaya nne. Ukitazama hali ya kiwanda chenyewe utakuta biashara iliyokuwa inapata hasara, na gharama za matengenezo na wafanyakazi zikipunguzwa. Sababu moja ya juu ilidhoofisha matabaka mengi ya chini.

Kuna kitu kingine katika barua yako ambacho sitaki kikupite. Swichi ilipigwa dairekti katikati ya Ramadhani, na wiki nyingi zikapita bila mtu kuumia. Katika wiki hizo kila mtu alijifunza kwamba hakuna neno. Hivi ndivyo kasoro iliyolala inavyozidi kulala. Tabaka moja likitoboka na mengine yakashika, hakuna kinachoonekana, na ule ukimya unasomwa kama ushahidi kwamba tabaka lile halikuwa na kazi. Fundi alisema "nitarudisha kesho", na kesho ile haikuwa na haraka kwa sababu mashine ilikuwa inasaga. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa wa aina hii hauonekani kwa aliyekaa ofisini. Anauona anayefanya kazi usiku, na yeye hakuulizwa.

Nije kwenye sahihi ya tatu. Itasainiwa na nani saa nane usiku? Umeniambia fomu ya sasa ina sahihi yako na ya injinia, na injinia huondoka jioni, kwa hiyo fomu za usiku husainiwa asubuhi yake. Sahihi ya tatu, ya meneja wa uzalishaji, itasainiwa asubuhi hiyohiyo. Mtakuwa mmeongeza kipande cha jibini chenye tundu mahali palepale na saa zilezile. Na kuna madhara ya ziada. Mtu akijua kuna wawili wengine wanaokagua baada yake, macho yake hulegea. Na yule wa tatu, akiona sahihi mbili tayari, hutia yake bila kwenda kuangalia. Nimekagua viwanda kuanzia Shimanzi hadi Miritini, na fomu zenye sahihi nyingi mara nyingi ndizo ambazo hakuna aliyezisoma. Kwa maoni yangu msiongeze tabaka lolote kabla hamjaziba matundu ya yale mliyo nayo.

Ningeanza na kufuli, kwa sababu ndiyo kazi rahisi kuliko zote na inaweza kufanyika leo. Ziondolewe stoo. Zitundikwe kwenye ubao ukutani, hatua chache kutoka kwenye mashine, na kila mtu anayeruhusiwa kuondoa madonge awe na yake, yenye jina lake na ufunguo mmoja tu. Ufunguo wa pili ukiwapo ofisini, siku moja utatumiwa na mtu mwenye haraka. Wakisema zitaibwa, waambie wapige hesabu ya kufuli zinazoweza kupotea kwa mwaka mzima, kisha waiweke kando ya fidia ya vidole viwili. Angalia pia kama swichi kuu inafikika. Ikiwa imezibwa na magunia, kufuli haitasaidia kitu, kwa sababu hakuna atakayepanda magunia saa nane usiku ili kuzima umeme kwa kazi anayodhani ni ya dakika mbili.

Swichi ya mlango irudishwe, lakini msirudishe ya aina ileile kisha mkadhani mmemaliza. Ile ilikuwa inazima mashine ovyo kwa sababu ya mtikisiko, na hilo ndilo lililomshawishi fundi. Mkirudisha swichi yenye kasoro hiyohiyo, wakati wa oda kubwa ijayo waya zitaungwa tena. Kwa mashine ya kusaga, kifaa kinachofaa zaidi ni swichi inayofunga mlango kabisa na kuuachia baada ya rota kusimama, kwa sababu swichi ya kawaida hukata umeme mlango unapofunguliwa lakini haimzuii mtu kuingiza mkono wakati visu bado vinazunguka. Ni ghali zaidi, nakubali, na inahitaji fundi anayeijua kazi hiyo. Ikiwa fedha hazipo mwaka huu, basi angalau mlango ufungwe kwa bolti ndefu zinazochukua muda kufunguka kuliko muda wa rota kusimama. Njia hiyo ni ya zamani na ina udhaifu wake, kwani mtu huchoka na kuacha bolti moja badala ya nne, lakini ni bora kuliko waya ile iliyoungwa.

Kuijaribu swichi si kazi ngumu. Hopa iwe tupu, asiwepo mtu karibu nayo, mlango uachwe wazi, kisha mmoja abonyeze kuwasha. Mashine isiwake. Fanyeni hivyo mwanzoni mwa kila zamu na muandike saa mliyofanya. Ikiwaka, haitumiki mpaka itengenezwe, na uamuzi huo uwe wako wewe msimamizi bila kumpigia mtu simu. Ikiwa huna mamlaka hayo usiku, basi hilo ni tundu jingine, na liandike.

Kuhusu uzembe, nakujibu bila kuzunguka. Nadharia hii haisemi kwamba hakuna mzembe. Inakulazimisha kuuliza swali moja kabla ya kumhukumu mtu: mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, akiwekwa mahali palepale, na taarifa zilezile na saa ileile, angefanya nini? Waulize vijana watatu wa zamu ya usiku, mmoja mmoja, faraghani, wanafanya nini mashine ikikwama. Wote watatu wakikuambia wanarudisha breka na kubonyeza kuwasha, basi kumfuta kazi aliyebonyeza usiku ule hakubadilishi kitu. Atakayechukua nafasi yake atafanya vilevile kabla ya mwezi kwisha. Wawili wakikuambia "sisi huzunguka kwanza kuangalia, yeye peke yake ndiye asiyefanya hivyo tumeshamwambia", hapo una suala la mtu, na anahitaji kuzungumzwa naye au kuhamishwa. Na yapo mambo ambayo mimi mwenyewe ningependekeza adhabu: mtu anayekata kufuli ya mwenzake, anayekuja kazini amelewa, au bosi anayeambiwa waziwazi kwamba swichi imeungwa akajibu "maliza oda kwanza". Uliza kama hilo la mwisho lilitokea. Katika maelezo yako kuna sentensi moja inayonifanya nidhani kwamba lilitokea.

Wapo pia watakaokuambia ni majaaliwa. Sibishani na imani ya mtu, na mimi ni mwenye imani pia. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza kisha tutawakali, na ngamia huyu hakufungwa.

Nikuambie pia pale nadharia yenyewe inapokwama, usije ukaitumia kupita kiasi. Ile picha ni rahisi kuichora baada ya ajali, wakati mshale unajulikana ulipita wapi. Kabla ya ajali unaona matundu mamia, na picha haikuambii lipi ni la hatari zaidi. Tena inaonyesha hatari ikipita kwa mstari ulionyooka, kipande hadi kipande, wakati kiwandani mambo huvutana: oda kubwa huleta haraka, haraka huleta madonge, madonge hulegeza swichi, swichi huzuia oda. Na hatari yake kubwa ni ripoti inayosema "mfumo ulishindwa" kisha ikaishia hapo. Hiyo ni mbaya sawa na ile iliyosema mfanyakazi hakufuata utaratibu, kwa sababu mfumo hauna mikono ya kuhamisha kufuli. Kila tundu mtakaloandika liwe na jina la mtu wa kuliziba, tarehe, na uwezo wa kutoa fedha zinazohitajika. Kama jina lililoandikwa ni lako na huna uwezo wa kununua hata uta wa msumeno, rudisha karatasi ibadilishwe.

Njia ninayoiamini zaidi ya kuyaona matundu mapema ni kutembea usiku. Mwambie injinia aje zamu yako usiku mmoja bila kutarajiwa na vijana, asishike daftari, akae mpaka mashine ikwame. Aangalie nani anafanya nini, kifaa gani kinatafutwa na hakipatikani, ufunguo gani uko kwa nani. Kwa kila tabaka ajiulize: hili linategemea nini ili lifanye kazi, na kitu hicho kipo sasa hivi? Akikuta jibu lilelile linajirudia kwenye matabaka mawili, iwe ni ufunguo, mtu mmoja, fundi mmoja au nyaya za umeme zilezile, amekwisha kupata tundu kubwa kuliko yote, hata kama hakuna aliyewahi kuumia.

Mengine hayatatuliki kwa maandishi. Kwanza, waya ile isiondolewe na yeyote tu. Aitwe fundi umeme aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa saketi za usalama za mashine, na baada ya kazi akuonyeshe jaribio la mlango wazi mbele ya macho yako. Pili, ripoti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumjulisha kwa maandishi ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya siku 7 kwa ajali isiyoua. Ya kuua ni ndani ya saa 24, kisha maandishi ndani ya siku 7. Uliza kama hilo lilifanyika. Kama halikufanyika, nenda ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini hapa Mombasa, waeleze. Hukohuko utaelekezwa kuhusu madai ya kijana chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007. Haki hiyo haifutwi na sentensi ile ya "hakufuata utaratibu", kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba kwa sababu alikosea hana lake. Asisaini karatasi yoyote ya kumaliza mambo kabla hajasomewa na mtu anayeijua sheria hiyo, na kabla daktari hajapima ulemavu uliobaki.

Tatu, kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi kinatakiwa na sheria hiyohiyo ya usalama kiwe na kamati ya usalama na afya, na kufanyiwa ukaguzi na mshauri aliyesajiliwa angalau mara moja kila miezi 12. Omba kamati ikutane kuhusu ajali hii, na awepo angalau mjumbe mmoja anayefanya kazi usiku. Mshauri atakayekuja safari hii mwombe afike baada ya stoo kufungwa.

Na yule aliyebonyeza kitufe, usimwache. Umeandika kwamba hazungumzi na hali chakula na wenzake. Aliyemuumiza rafiki yake bila kukusudia naye ameumia, na kama halali usingizi wiki hizi zote, mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha hospitalini. Mnapomhoji kwa ajili ya kamati, aanze yeye kueleza usiku ule tangu alipoingia zamu, msimkatize, na swali la kwanza mtakalomuuliza liwe alichokiona kutoka pale aliposimama.